Ndege wa Upande wa Nyuma: Kuhusu Hadithi ya Bibi, Mjukuu na Vitambaa Viwili

Hadithi ninayoihakiki hapa haijachapishwa. Iliandikwa na mwenzetu mmoja anayeishi Dzaleka, ikasomwa katika kikundi chetu cha uandishi, kisha nakala yake ya kurasa saba ikapita mikononi mwetu. Mwandishi ameniruhusu niijadili bila kumtaja jina. Haina anwani, hivyo katika makala haya nitaiita hadithi ya vitambaa viwili.

Kisa chake ni kifupi. Msichana aliyekulia Nsungwi, katika Area 25 ya jiji la Lilongwe, anapelekwa Dzaleka kwa bibi yake wiki moja kabla ya harusi ya mama yake mdogo. Mafungu ya ndugu wengine yameshashona sare. Familia yao haikuweza kuchangia sare, na bibi ana kipande kimoja tu cha waksi cha yadi 2, alichotoka nacho Uvira. Kipande hicho hakitoshi mavazi kamili. Bibi anamwagiza msichana anunue chitenje cha mita 2 sokoni Nsungwi, na kwa siku tatu anamfundisha namna ya kuvioanisha vitambaa hivyo hadi vazi lipatikane. Harusi inafanyika. Mshereheshaji anatoa hotuba. Hadithi inaisha.

Tulipoijadili, karibu kila mtu alikwenda moja kwa moja kwenye hotuba ile. Mshereheshaji anaona vazi la msichana, anamsimamisha mbele ya watu na kusema kwamba rangi zilizokaa pamoja bila kugombana ni kama Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wamalawi wanaoishi pamoja. Wenzangu wakaandika kwamba dhamira kuu ni umoja, na kwamba vitambaa ni ishara ya mataifa. Nami niliandika hivyo katika rasimu ya kwanza. Baadaye nilimsomea mama yangu hadithi hii. Mama ni fundi nguo. Alikuwa na cherehani yake Nsungwi hadi mwaka 2023, Serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Alisikiliza hotuba bila kusema neno. Aliponisimamisha ilikuwa nyuma kabisa, kwenye ukurasa wa tano: "Ngoja. Hapo alikata vipi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niisome upya, na hoja yangu inatoka humo. Naona kwamba sehemu yenye nguvu katika hadithi hii ni ujuzi wa bibi wenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na uamuzi mmoja mgumu ambao mwandishi ameuficha ndani ya ujuzi huo. Hotuba ya mwisho inatuondoa hapo kabla hatujaufikia.

Tuanze na kipande cha bibi. Ni waksi yenye ardhi ya bluu nzito, duara kubwa za manjano zenye upana wa kiganja, ndege weupe wanaoruka kati ya duara hizo, na mishipa myembamba myekundu. Waksi ya aina hii huuzwa yadi 6, na yadi 6 ni vipande vitatu vya yadi 2: kimoja cha libaya, kimoja cha kufunga chini, kimoja cha kujitanda au kubebea mtoto. Mwandishi anasema tu kwamba "viwili vilibaki njiani". Hatuambiwi kama viliuzwa, vilifunika maiti au viliibwa. Ninamsifu kwa ukimya huo. Msomaji wa Dzaleka hahitaji kuambiwa.

Msichana anarudi kutoka sokoni na chitenje cha kwanza. Nyekundu na kijani, maua makubwa. Amekichagua dukani, chini ya taa, kwa sababu waksi ya bibi ina wekundu ndani yake. Bibi hasemi kitu. Anatandika vitambaa vyote viwili nje juani, anaweka mawe pembeni visipeperuke, anamshika mkono mjukuu na kurudi naye nyuma hatua kumi na mbili.

"Finya macho, mama. Unaona nini?"

"Naona maua, Koko."

"Na duara zangu?"

"Zimepotea."

Katika mazungumzo haya ipo fani ambayo wasomaji wengi waliipita. Bibi anamwita mjukuu "mama" kwa sababu msichana amepewa jina la mama yake bibi, na mjukuu anamjibu "Koko". Anayefundishwa, kwa jina, ni mzazi wa anayefundisha. Hakuna kukemea popote katika kurasa zile. Kila kosa msichana analiona kwa macho yake mwenyewe.

Sasa, kwa nini duara zilipotea? Bibi anatoa sababu mbili, moja siku ya kwanza na nyingine siku ya pili, na zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni ukubwa. Maua makubwa kando ya duara kubwa huyafanya macho yasijue pa kukaa. Kitambaa kimoja kikisema kwa sauti kubwa, cha pili kitumie sauti ndogo. Ya pili ni uzito wa rangi, yaani wingi wa giza au mwanga uliomo. Ukifinya macho, majina ya rangi yanafifia na unabaki na giza na mwanga tu. Nyekundu na kijani cha chitenje kile zilikuwa na uzito uleule, na zilipokaa kando ya bluu nzito, kitambaa chote kikawa doa moja la giza linalotetemeka.

Mwenzetu mmoja alisema darasani kwamba maneno ya bibi kuwa "manjano yangu imekufa mbele ya maua yako" ni mambo ya mazingaombwe, au angalau tashihisi. Sikubaliani naye. Rangi haikubadilika, lakini iliyoonekana ilibadilika kweli. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikutana na jambo hilohilo alipokuwa akisimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alizichunguza akakuta hazina kasoro. Kilichozidhoofisha ni rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya namna rangi mbili zinavyobadilishana sura zikikaa pamoja. Simtaji ili kumpa bibi cheti. Namtaja kwa sababu tumezoea kuita ishara kila kitu anachosema mzee katika hadithi, na hapa mzee alikuwa akieleza jambo linaloonekana kwa macho.

Chitenje cha pili ndicho kinachofaa, na maelezo yake ndiyo ninayoyapenda zaidi. Rangi ya chungwa lililoiva, vitone vidogo vyeupe, na katikati ya vitone mstari mwembamba wa bluu. Msichana anaogopa. Kwake, chungwa na bluu nzito "vinapiga kelele". Bibi anamwonyesha ule mstari mwembamba na kumwambia kwamba vitambaa viwili vikioana lazima pawe na mshenga: rangi moja iliyomo huku na huku. Halafu anaongeza kwamba mshenga haji na ukoo wake wote. Anafika, anasema, anaondoka. Bluu ile ikizidi kwenye chitenje, vitambaa vitafanana tu, na havitakuwa vimeoana.

Kwa hadithi ya harusi, hiyo ni taswira iliyokaa mahali pake, tena inatumika kama kanuni. Nilijaribu mwenyewe kwa vipande vya masalia vya mama. Vikiwa na rangi ya pamoja kiasi kidogo, macho yanasafiri kutoka kitambaa hadi kitambaa. Isipokuwepo kabisa, vazi linaonekana limeshonwa na watu wawili waliogombana.

Lugha ya rangi nayo inastahili neno, hasa kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili. Vivumishi vyetu vya asili vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zote zimeazimwa kutoka kwenye vitu au lugha nyingine, na hazibadiliki: kijani, manjano, kahawia, kijivu, bluu, zambarau. Mwandishi ameitumia tofauti hiyo, sijui kama kwa makusudi. Msichana wa Nsungwi anataja rangi kama zinavyotajwa dukani: bluu, chungwa, kijani. Bibi hasemi bluu hata mara moja. Anasema "ile ya ziwa kabla jua halijatoka", "ile ya ndizi iliyolala siku mbili", "ile ya jivu lenye moto ndani". Kila rangi yake ni kitu cha Uvira, na imebeba saa na hali. Ukurasa wa nne msichana anasema kwa mara ya kwanza "ya ndizi", na bibi anamsahihisha: "Ya siku ngapi?" Nilicheka, kisha nikaona kwamba hilo lilikuwa somo zima. Manjano ya ndizi ya siku moja ina ukijani ndani yake na haitakaa vizuri na chungwa. Ya siku mbili imeelekea kwenye wekundu, na itakaa.

Kwa upande mwingine, mwandishi anayumba kwenye majina ya vitambaa. Mara ni kitenge, mara kikwembe, mara chitenje, bila mpango. Angeweza kumwachia bibi kikwembe na msichana chitenje, na maneno yenyewe yangekuwa vitambaa viwili. Hilo ni jambo la kurekebisha kwa kalamu nyekundu kwa nusu saa. Vilevile bibi analoweka chitenje kwenye maji ya chumvi ili kisitoe rangi. Wengi hufanya hivyo, lakini chumvi haishiki rangi ambayo kiwanda hakikuishika. Kinachosaidia ni jambo analolifanya kabla ya hapo, ambalo mwandishi amelipitia kwa sentensi moja: analowesha pembe ya chitenje, anaisugua kwa kitambaa cheupe, na kuangalia kama cheupe kimepata chungwa. Kingepata, vazi lingeharibika siku ya kwanza ya kufuliwa, na ndege weupe wa waksi wangekuwa wa kwanza kudhurika.

Nirudi sasa kwenye swali la mama. Hadithi inasema bibi aliamua waksi iwe sketi na chitenje kiwe libaya. Uamuzi huo unaeleweka: muundo mkubwa unahitaji uwanja mpana usio na mikunjo, na sketi ndiyo yenye uwanja. Halafu inasema: "Akakata mbele, akageuza karatasi, akakata nyuma. Kilichobaki akakifunga kichwani mwangu akacheka." Basi. Mama alitaka kujua kwa nini aligeuza karatasi.

Tuliweka gazeti mezani tukapima. Yadi 2 ni sentimita 183. Upana wa waksi tuliokuwa nao ni sentimita 115, na ndege wa waksi husimama wima kwa upande huo wa upana, kwa kuwa mwanamke akijifunga kitambaa, urefu ndio unaozunguka mwili. Tukachukua sketi ya msichana, urefu sentimita 95, kila kipande sentimita 40 kiunoni na 80 chini, pamoja na nafasi ya mishono. Vipande viwili vikiwekwa vyote vikitazama juu, chini kwa chini, vinakula sentimita 160 za urefu wa kitambaa. Zinabaki 23. Cha pili kikigeuzwa kichwa chini, ubavu wake uliolala unaingia kwenye ubavu wa cha kwanza, na vyote viwili vinakula sentimita 140. Zinabaki 43.

Sentimita 23 hazifungi kichwa cha mtu. Sentimita 43 kwa 115 zinafunga kilemba. Na kilemba hakingeweza kutoka kwenye chitenje, hata kama kingebaki kingi. Waksi ya kweli hupigwa nta na rangi pande zote mbili, hivyo nyuma yake ni sawa na mbele. Chitenje cha bei nafuu kimechapwa upande mmoja, na nyuma yake ni hafifu. Libaya linaficha upande wa nyuma. Kilemba kinauonyesha kila mkunjo unapogeuka. Bila kilemba, bluu ingekuwa chini tu na chungwa juu tu, na vazi lingekatika kiunoni. Kilemba ndicho kinachoipandisha bluu hadi kichwani, chungwa likabaki katikati.

Gharama yake ni ndege. Kitambaa kikikatwa kichwa chini, ndege wa kipande cha nyuma wanaruka kuelekea ardhini. Kila fundi analijua hilo, na mteja mwenye pesa hulalamika, akaongezewa kitambaa. Bibi hakuwa na kitambaa cha kuongeza.

Nilipofika hapa nilidhani tumegundua kosa ambalo mwandishi hakuliona. Mwandishi asiyeshona anaweza kuandika "akageuza karatasi" kwa kujaza sentensi tu. Kisha nikarudi ukurasa wa sita, kwenye mstari ambao sote tuliusoma bila kuuona. Harusini, mtoto mdogo wa ndugu aliyeketi nyuma ya msichana anamvuta sketi na kuuliza: "Dada, mbona ndege zako zinaanguka?" Msichana anageuka, hawezi kuona nyuma yake mwenyewe, anamtazama bibi aliye upande wa pili wa hema. Bibi anagusa kilemba chake mwenyewe kwa kidole. Aya inakatika, na mshereheshaji anashika kipaza sauti.

Kwa hiyo mwandishi alijua. Alipima kama tulivyopima. Somo la bibi lilikuwa na sehemu ya nne ambayo hakuitamka katika siku zile tatu: ukiwa na yadi 2 huchagui kati ya kizuri na kibaya, unachagua kasoro ikae wapi. Aliiweka nyuma, chini, mahali ambapo angeiona mtoto tu, na faida akaiweka kichwani. Msichana anaelewa kwa ishara ya kidole, katikati ya kelele za harusi, na kwangu hicho ndicho kilele cha hadithi.

Ndiyo maana hotuba inanisumbua. Haiharibu kwa kuwa ni ndefu au mbaya. Inaharibu kwa kuwa haisemi kweli kuhusu kitambaa. Mshereheshaji anasema rangi zimekaa pamoja bila kugombana, ilhali tumetumia kurasa tano kuona kwamba zilikaa pamoja kwa sababu mtu alikataa kitambaa kimoja, akatafuta mshenga, akapima, akakata, na akawakubali ndege wanaoanguka. Umoja wa hotuba hauna gharama. Vazi lina gharama, na tunajua ni sentimita ngapi.

Nilimwuliza mwandishi kwa nini aliiweka. Alinijibu kwamba msomaji wa nje akisoma hadithi kutoka Dzaleka hutafuta ujumbe, na kwamba hadithi iliyoishia kwenye kidole cha bibi ingeonekana haijaisha. Sikuwa na jibu la haraka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na tangu hapo wageni wanaokuja kutusikiliza huja na daftari lenye nafasi ya neno matumaini. Sisi tumejifunza kuijaza nafasi hiyo kabla hawajauliza. Mimi mwenyewe niliijaza katika rasimu yangu ya kwanza. Lakini msomaji ambaye hadithi hii inamhitaji ni yule atakayeuliza alikata vipi, na wa aina hiyo wapo wengi hapa, wamekaa nyuma ya cherehani.

Ningependekeza hadithi iishie kwenye aya ya kidole, mshereheshaji abaki na kipaza sauti chake bila kusema. Mwandishi amesema atafikiria.

Mama anadai jambo moja zaidi, nami nimeahidi kulifikisha. Hadithi haitaji kiuno cha msichana mahali popote. Sentimita 40 kwa kila kipande tulizibuni wenyewe. Kama msichana ni mnene kuliko tulivyodhani, kilemba hakipatikani hata karatasi igeuzwe mara kumi, na mama anataka kujua kabla hajaamini kwamba bibi alicheka.